Ukumbi ulijaa, lakini kiingilio cha elfu thelathini hakikutosha

Mweka hazina wa kikundi kimoja cha akina mama wa Tanga alinipigia simu siku ya tatu baada ya Idi. Kikundi chao kilikuwa kimeandaa usiku wa taarab Idi Pili, na watu walikuja. Picha nilikuwa nimeziona: meza zimejaa, akina mama wamevaa sare, waimbaji wanatunzwa mpaka noti zinadondoka jukwaani. Nikampa shikamoo na hongera. Akaitikia marahaba, kisha akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, ukumbi ulijaa, lakini tunadaiwa. Nimepiga hesabu mara nne na sijui hela imepotelea wapi."

Nilimwomba aje na daftari, stakabadhi zote, na vishina vya vitabu vya tiketi. Vishina ndivyo nilivyovitaka zaidi, kwa sababu zitakazoonekana hapa chini. Kisa chenyewe nakiandika kwa idhini yake. Majina na ukumbi nimeviacha, ila tarakimu ni zilezile za daftarini.

Kamati ilianza vizuri, kwa kuorodhesha gharama. Kikundi cha taarab kutoka Dar es Salaam kililipwa 2,500,000. Basi dogo la kuwaleta na kuwarudisha, pamoja na malazi ya usiku mmoja, 800,000. Ukumbi 600,000. Vyombo, taa na jenereta ya akiba 700,000. Matangazo ya redio na gari la kupita mitaani 450,000. Vibali na ada ya hakimiliki 150,000. Mshereheshaji na mapambo ya jukwaa 300,000. Jumla ni 5,500,000, na hiyo unailipa akija mtu mmoja au wakija mia tatu. Hizo ndizo gharama za kudumu.

Halafu kuna gharama zinazokwenda na idadi ya watu. Sahani ya pilau ya nyama na kachumbari, pamoja na mhudumu wa kuipeleka mezani, 7,000. Soda na maji 1,500. Kiti chenye kitambaa na sehemu ya meza, vya kukodi, 1,000. Kila mtu anayeketi na kula anagharimu 9,500.

Ukumbi ulikuwa na nafasi ya watu 350, kwa hiyo kamati ikakadiria watu 350. Mara 9,500 ni 3,325,000. Ukijumlisha na zile za kudumu unapata 8,825,000. Wakagawa kwa 350, wakapata shilingi 25,214 kwa mtu mmoja. Wakaweka kiingilio cha 30,000 na kuandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari kwamba faida itakuwa 1,675,000, pesa ya kununulia masufuria na viti vya kikundi. Ukiutazama ukurasa ule huoni kosa. Kujumlisha ni sahihi, kugawa ni sahihi, na bei iko juu ya gharama kwa karibu shilingi elfu tano.

Tukaanza na vishina. Tiketi zilikuwa na namba, na kila kishina kilichobaki kitabuni kinawakilisha tiketi iliyolipiwa. Vilikuwa 248. Kisha tukampigia mpishi. Wapishi wazoefu huhesabu sahani zinazotoka jikoni, maana ndizo zinazowalinda likizuka zogo. Alisema sahani 309 zilitoka na 41 zilibaki. Kwa hiyo watu 309 walikula, na 248 tu ndio waliolipa. Tofauti ni watu 61, na hakuna hata mmoja kwenye kamati aliyekuwa na habari ya namba hiyo mpaka tulipoweka vishina na sahani kwenye ukurasa mmoja.

Tuliwatafuta hao 61 kwa majina. Ishirini na wanne walikuwa waimbaji, wapigaji, mafundi mitambo na dereva. Wameanza safari asubuhi, lazima wale. Kumi na watano walikuwa wanakamati wenyewe. Ishirini na wawili waliobaki ni waalikwa na watu waliokuja na waalikwa. Mgeni rasmi alipewa kadi mbili, akaja na watu sita.

Mapato yalikuwa tiketi 248 kwa 30,000, yaani 7,440,000. Upande wa matumizi kulikuwa na 5,500,000 za kudumu na 3,325,000 za chakula, vinywaji na viti vya watu 350. Chakula kile kililipwa chote, kilicholiwa na kilichobaki, kwa sababu mpishi alitaka idadi kamili siku tatu kabla, na idadi ukishaitaja unailipia hata watu wasipokuja. Halafu kuna jambo ambalo ukurasa wa bajeti haukuligusa kabisa: kila aliyeuza tiketi, madukani na mlangoni, alipewa kamisheni ya 2,000 kwa tiketi. Hiyo ni 496,000. Matumizi yote yakafika 9,321,000, na hasara 1,881,000.

Hapo mama akanionyesha kilichokuwa kinamnyima usingizi. Alikuwa amegawa matumizi yote kwa watu waliokuwamo ukumbini, 9,321,000 kwa 309, akapata 30,165.

"Kwa hiyo kila mtu alitugharimu elfu thelathini na mia moja sitini na tano, na tiketi ilikuwa elfu thelathini. Tumepoteza mia moja sitini na tano kwa kichwa. Mara watu mia tatu na tisa, haifiki hata elfu sitini. Hiyo milioni na laki nane imetoka wapi?"

Ni swali zuri. Namba yake ni ya kweli: kila aliyekuwa ukumbini aligharimu 30,165. Lakini hiyo inajibu swali la gharama ya kumhudumia mtu, na haisemi kiingilio kilipaswa kuwa kiasi gani. Kiingilio hakilipwi na kila mtu aliyemo ukumbini. Kinalipwa na wenye tiketi peke yao, nao wanabeba sahani zao, za wasiolipa, na zile 41 zilizobaki jikoni. Ukigawa 9,321,000 kwa wale 248 unapata 37,585. Kwa usiku ule, kwa watu wale, hiyo ndiyo bei ambayo ingerudisha gharama bila faida wala hasara. Kila tiketi iliuzwa chini yake kwa shilingi 7,585, na ukizidisha kwa 248 hela iliyopotea inarudi yote.

Nilimwandikia kanuni nyuma ya daftari, kwa maneno yake mwenyewe:

```
kiingilio = (kudumu + 9,500 × sahani zote) ÷ wanaolipa + kamisheni
```

Tazama kwamba kuna hesabu mbili za watu ndani ya mstari mmoja. Chakula kinafuata sahani. Kamisheni inafuata tiketi iliyouzwa, kwa hiyo mwalikwa hana kamisheni lakini ana sahani. Kamati ilitumia 350 mahali pote pawili, na ile 350 haikutokana na wanunuzi wala walaji. Ilitokana na idadi ya viti.

Kisha nikamwonyesha kitu kilichomshtua zaidi ya hasara yenyewe. Tuchukulie bahati ingekuwa upande wao na kila kiti kikapata mtu. Tiketi ya 30,000, ukitoa kamisheni, inaacha 28,000 mkononi. Chakula cha watu 350 kimeshalipwa, kwa hiyo mzigo uliokuwa mbele yao jioni ile ulikuwa 8,825,000 kamili. Gawa kwa 28,000: zinahitajika tiketi 316. Lakini ukumbi una viti 350, na 61 vimekaliwa na wasiolipa. Vinabaki 289. Hata wangeuza vyote 289, wangepata 8,092,000 na kubaki na hasara ya 733,000.

Yaani usiku ule haukuwa na njia ya kurudisha gharama. Hasara ilishaandikwa kabla ya gari la matangazo kuingia Barabara ya Ishirini, na kina mama wakaimaliza Ramadhani wakihangaika kuuza tiketi kwa tumaini ambalo hesabu ilikuwa imeshalikataa. Hilo liliniuma. Jaribio lenyewe ni la dakika mbili: gawa mzigo wote kwa kinachobaki kwenye tiketi moja, kisha ulinganishe na viti vinavyoweza kuuzwa kweli. Ikiwa tiketi zinazohitajika ni nyingi kuliko viti hivyo, matangazo hayatasaidia. Ama bei ipande, ama gharama zishuke, ama shughuli iahirishwe kabla malipo ya awali hayajatolewa.

Kuhusu wale 61, kamati ilitaka kuwabebesha lawama yote. Mwenyekiti alizidisha 61 kwa 30,000 akasema wageni wa bure wamekula 1,830,000, karibu hasara nzima. Sikukubaliana naye. Mpiga udi hangenunua tiketi ya onyesho lake mwenyewe, wala dereva. Gharama halisi ya mgeni wa bure ni anachokula na kiti anachokalia, 9,500, na kwa wote 61 ni 579,500. Unaweza kusema umepoteza bei nzima ya tiketi kwa mtu ambaye angelipa asingepewa kadi, au kwa yule aliyechukua kiti cha mteja aliyerudishwa mlangoni. Hakuna aliyerudishwa kwa kukosa kiti. Huenda wachache kati ya wale 22 wa mwisho wangelipa, na hao ndio wa kudhibitiwa mwakani.

Waliorudishwa mlangoni ni wengine. Saa tano usiku kulikuwa na vijana nje ya geti wakisikiliza, wakaomba kuingia kwa 15,000. Kamati ikakataa, kwa sababu gharama ya mtu ni elfu ishirini na tano na ushei, na huwezi kuuza chini ya gharama. Saa ile maneno hayo hayakuwa kweli tena. Kikundi kimeshalipwa, ukumbi umelipwa, na sahani 41 zinapoa jikoni. Mtu mmoja zaidi angewagharimu kamisheni ya 2,000 tu na kuacha 13,000. Vijana 41 wangepunguza hasara kwa 533,000. Nakubali kuna hatari: aliyelipa elfu thelathini wiki moja nyuma akisikia, mwakani atasubiri saa tano. Mimi ningewafungulia, lakini kwa sharti lililotangazwa tangu mwanzo kwamba baada ya saa tano ni kiingilio cha kusimama, bila meza.

Gharama ya chakula hubadilika kwa kila mtu mpaka siku unayompa mpishi idadi. Baada ya hapo imeungana na ukumbi na jenereta. Kwa wanaoandaa shughuli zenye chakula, hii ndiyo tarehe ya kuandika kwa wino mwekundu, kuliko tarehe ya shughuli yenyewe. Idadi unayoitaja siku hiyo itokane na vishina vilivyopo mkononi, na si na watu walioahidi.

Mama aliuliza pia kuhusu tunzo. Noti zilizotunzwa jukwaani usiku ule zilikuwa nyingi, na mmoja wa wanakamati aliona ziingie kwenye mapato. Hapana. Tunzo ni ya mwimbaji na kikundi chake, na mapatano ya kikundi husimama juu ya msingi huo. Ukiiweka kwenye bajeti ya mwandaaji umejidanganya, na ukijaribu kuigusa hutapata kikundi cha kukupigia tena.

Tulikaa tena miezi kadhaa baadaye kupanga Idi iliyofuata. Safari hii tulianza na wanaolipa. Mwaka uliotangulia walikuwa 248, kwa hiyo tukachukua 240. Wasiolipa tukawafunga kwenye 30: wasanii na mafundi 24, mgeni rasmi na watu wake wasiozidi sita. Wanakamati wakakubali kununua tiketi zao, na haikuwa rahisi. Sahani basi ni 270, yaani 2,565,000. Kwa gharama zilezile za kudumu mzigo ni 8,065,000, ukigawa kwa 240 na kuongeza kamisheni unapata 35,604.

Elfu thelathini na sita ndiyo ingekuwa bei. Mama akatikisa kichwa. "Kwa elfu thelathini walilalamika. Kwa thelathini na sita watakuja nani?" Alikuwa sahihi, na hapa kanuni inafika mwisho wa uwezo wake. Inakuambia bei gani inarudisha gharama ikiwa watu 240 watalipa. Haikuambii kama watu 240 watalipa bei hiyo. Ukipandisha bei, wanaolipa wanapungua, na wakipungua kanuni inadai bei ya juu zaidi. Ukiifuata bila kuangalia mtaa, mwisho una bei nzuri sana ya ukumbi mtupu.

Kwa hiyo tukaigeuza. Tukashikilia 30,000 na kuuliza gharama za kudumu ziwe ngapi. Tiketi 240 zinaacha 6,720,000; toa chakula cha 2,565,000, zinabaki 4,155,000. Ilibidi kupunguza 1,345,000. Mahali palipokuwa na fedha ya kiasi hicho ni pamoja tu: kikundi na safari yake. Tanga ndiyo iliyovilea vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, na wapo wapigaji wazuri mjini hapo hapo. Kikundi cha nyumbani kilikubali 1,800,000, bila basi wala malazi. Zikaokolewa 1,500,000, na gharama za kudumu zikashuka hadi 4,000,000.

Sasa kila tiketi ya 30,000, ukitoa kamisheni na sahani ya mnunuzi, inaacha 18,500. Mzigo ni 4,000,000 na 285,000 za wale 30, na tiketi 232 zinaubeba. Chini ya 240, kwa nafasi ndogo. Ningeweza kuishia hapo, lakini zile sahani 41 zilikuwa bado zinanisumbua, nikauliza: je, pilau ikitoka ndani ya tiketi?

Kiingilio kiwe 20,000, bila chakula. Mama lishe mmoja akubali kuuza pilau na vinywaji kwa hela yake na kulipa 100,000 ya nafasi. Ukitoa kamisheni ya 2,000 na kiti cha 1,000, tiketi inaacha 17,000. Bei imeshuka kwa elfu kumi, na kinachobaki kimeshuka kwa 1,500 tu, kwa sababu 8,500 ya kile kilichoondolewa ilikuwa inakwenda jikoni hata hivyo. Wale 30 bado wanalishwa na kikundi, kwa hiyo mzigo, ukitoa ile 100,000 ya nafasi, ni 4,185,000, na tiketi zinazohitajika ni 247.

Tiketi kumi na tano zaidi, kwa bei ndogo kwa theluthi moja. Nilimpa mama hesabu za pande zote. Ukumbi ukijaa, wanunuzi 320, tiketi yenye pilau inaleta faida ya 1,635,000 na isiyo na pilau 1,255,000. Lakini mvua ikinyesha wakaja 180, yenye pilau, ikiwa sahani 270 zimeagizwa, inaacha hasara ya 1,525,000, na isiyo na pilau 1,125,000. Alichagua isiyo na pilau. Alisema deni la kwanza limemfundisha anaweza kubeba lipi.

Jambo moja nilimtajia, ingawa halikuwahusu: kikundi chao hakijasajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani. Mwandaaji aliyesajiliwa hatakiwi kuingiza 30,000 kwenye kanuni hii, kwa sababu asilimia 18 imo ndani ya bei. Anagawa kwa 1.18, na kilicho chake ni 25,424 kabla ya kamisheni.

Vishina vya mwaka huo vilikuwa 271. Mara 17,000 ni 4,607,000, toa 4,185,000, wakabaki na 422,000. Masufuria mawili makubwa yalinunuliwa, na viti vikasubiri. Lakini nilipokwenda kufunga nao daftari, mmoja wa wazee wa kikundi alikuwa bado hajaridhika. Aliniuliza ni heshima gani kumwita mtu Idi Pili, ukamweka kitini, halafu ukamwambia pilau anunue. Sikuwa na kanuni ya hilo. Mama alimjibu kwa upole kwamba mwakani, wakiwa na masufuria yao na wapishi wao wenyewe, sahani huenda isizidi elfu nne na mia tano, na akafungua ukurasa mpya kuanza kuipigia hesabu.